Tarehe 1 Tunaomba Watuombee, Tarehe 2 Tunawaombea

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, masista, viongozi wa jumuiya, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mliokubali kubaki ukumbini baada ya Misa ya pili na joto hili, asanteni. Niliombwa niseme juu ya sikukuu mbili za mwanzo wa Novemba, na juu ya hiyo Halowini ambayo sasa imeingia mpaka kwenye shule za watoto wetu. Nitaanza na swali la mtoto, kwa sababu ndilo lililonifanya nirudi kusoma upya mambo niliyodhani nayajua.

Mwaka jana, wiki ya mwisho ya Oktoba, ilikuja taarifa kwenye kundi la wasapu la wazazi wa darasa la mjukuu wangu. Ijumaa tarehe 31 watoto waje wamevaa mavazi ya kutisha, na kila mmoja alete pipi za kugawana. Mama yake akamnunulia kofia nyeusi yenye ncha. Jioni ile mtoto, ana miaka saba, alikuja akaketi karibu nami akasema: “Babu, mwalimu amesema usiku wa leo mizimu inatoka makaburini. Keshokutwa sisi tunakwenda makaburini kwa bibi. Tukifika, atakuwa amesharudi?”

Sikuweza kumjibu pale pale. Niliona kwamba katika kichwa cha mtoto yule bibi yake, aliyemlea na kumbeba mgongoni, alikuwa ameshaanza kugeuka kuwa kitu cha kuogopwa. Nikasema moyoni, hapa lazima tutengane na jambo hili, lakini tutengane nalo kwa kulijua, maana kulilaani tu bila kulijua hakutamsaidia mtoto.

Tuanze na jina lenyewe. Wengi wetu tunafikiri Halowini ni neno la kishetani. Sehemu yake ya kwanza ni neno la zamani la Kiingereza lenye maana ya mtakatifu. Ndilo hilo hilo lililobaki katika Baba Yetu ya Kiingereza, pale sisi tunaposema “jina lako litukuzwe”. Sehemu ya mwisho ni kifupisho cha neno la jioni. Maana yake ni jioni ya kuamkia Watakatifu. Sisi Waswahili hatuhitaji kuelezwa sana hapo, kwa sababu mpaka leo tunasema “usiku wa kuamkia Ijumaa”, na tunajua siku huanza jua likizama. Kanisa nalo huhesabu sherehe zake hivyo. Sherehe ya Watakatifu Wote huanza na Masifu ya Jioni ya tarehe 31 Oktoba. Kwa hiyo jina ni letu, ni jina la mkesha. Kilichotoka ni kile kilichokuwamo ndani ya mkesha huo.

Na ndani yake kulikuwa na nini? Kulikuwa na kufunga. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliutaja mkesha wa Watakatifu Wote pamoja na mkesha wa Noeli kama siku za kufunga na kuacha nyama. Papa Pius wa Kumi na Mbili aliuondoa mkesha huo katika kalenda mwaka 1955, ndiyo maana wazee wachache tu bado wanaukumbuka. Huko Ireland chakula cha jioni ile kilikuwa viazi vilivyopondwa pamoja na kabichi, bila nyama. Usiku ambao leo watoto hujaza mifuko ya pipi ulikuwa usiku wa tumbo jepesi.

Sasa niseme jambo ambalo huenda litawashangaza baadhi yenu. Tunasikia pande mbili zikisema maneno yanayofanana. Ndugu zetu wa makanisa mengine wanasema Watakatifu Wote ni sikukuu ya kipagani iliyobatizwa. Wanaoipenda Halowini nao wanasema hivyo hivyo kwa kujivunia, kwamba ni sikukuu ya Waselti wa Ireland inayoitwa Samhain, na Kanisa likaja kuifunika. Ni kweli Samhain ilikuwapo. Ilikuwa mwanzo wa majira ya baridi, mifugo inarudishwa kutoka malishoni, watu wanakutana. Lakini angalieni tarehe. Kalenda ya watakatifu iliyotungwa kwa mashairi huko Ireland karibu na mwaka 800 inaweka siku ya watakatifu wote tarehe 20 Aprili. Waireland wenyewe, wenye Samhain yao, waliwaadhimisha watakatifu katika majira ya machipuko. Waliokuwa wanaihimiza tarehe 1 Novemba miaka hiyo ni watu wa Uingereza na Ujerumani, kama Alkuini, aliyemwandikia rafiki yake Arno, Askofu wa Salzburg, juu ya siku hiyo. Huko Ujerumani hakuna Samhain ya kufunikwa.

Roma nako siku ilianza mbali na Novemba. Mwanzoni mwa karne ya 7, tarehe 13 Mei, Papa Bonifasi wa Nne aliliweka wakfu hekalu la miungu yote, Panteoni, likawa kanisa la Bikira Maria na Mashahidi. Baadaye Papa Gregori wa Tatu, aliyeongoza Kanisa kuanzia 731 hadi 741, alijenga kikanisa ndani ya basilika la Mtakatifu Petro kwa heshima ya watakatifu wote. Mwaka 835 mfalme Ludoviko, kwa msukumo wa Papa Gregori wa Nne, akaieneza tarehe 1 Novemba katika himaya yote ya Wafranki. Sababu ya sikukuu ilikuwa rahisi kuelewa. Mashahidi walikuwa wengi kuliko siku za mwaka, na wengine waliuawa pasipo mtu kuandika majina yao. Je, wasiadhimishwe kwa kuwa hatuwajui?

Hicho ndicho kiini cha tarehe 1. Somo la kwanza la siku hiyo ni Ufunuo sura ya 7, umati usioweza kuhesabiwa, wa kila taifa, kabila na lugha, wenye mavazi meupe. Rangi ya siku ni nyeupe, tunaimba Utukufu kwa Mungu Juu, na Injili ni zile Heri za mlimani. Watakatifu wenye majina kwenye kalenda wana siku zao. Karoli Lwanga na wenzake wa Uganda, 22, walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964, na tunawaadhimisha tarehe 3 Juni. Tarehe 1 Novemba ni ya wale ambao hakuna mtu aliyewahi kuwafungulia jalada Roma. Yule mama wa kigango aliyelea yatima sita na hakusema na mtu, siku yake ni hiyo.

Kuna mmoja nataka vijana mumjue, kwa sababu anatuonyesha njia kutoka kutojulikana hadi kujulikana. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mji wa Kiswahili kama wetu. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia nchini Kongo kupitia mpakani. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiingie sokoni, akauawa mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Kwa miaka mingi tarehe 1 Novemba ndiyo iliyokuwa siku yake, pamoja na wasio na majina. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma. Angalieni, Mwenye Heri, bado hajatangazwa Mtakatifu. Lakini kutangazwa hakumwingizi mtu mbinguni. Kanisa hutangaza baada ya kuchunguza, na mtu mwenyewe anakuwa huko tayari.

Siku hiyo sisi ndio wenye kuomba. Tunasema katika Litania: Mtakatifu Yosefu, utuombee, Mtakatifu Karoli Lwanga, utuombee. Wao wamefika, sisi tuko njiani.

Kesho yake mambo yanageuka, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Tarehe 2 Novemba ni Kumbukumbu ya Waamini Marehemu Wote. Rangi ni zambarau, na nyeusi pia inaruhusiwa. Utukufu hatuimbi. Na siku hiyo marehemu ndio wanaohitaji sala zetu. Tunawaombea walio toharani, yaani wale waliokufa katika urafiki na Mungu lakini bado wanatakaswa kabla ya kumwona. Mtu akiuliza tofauti ya siku hizi mbili, mimi humwambia atazame nani anamwomba nani.

Siku hii ilianza katika monasteri ya Kluni nchini Ufaransa. Abate Odilo, aliyeiongoza kuanzia mwaka 994 hadi kifo chake 1049, aliagiza monasteri zote zilizo chini yake, baada ya sherehe ya Watakatifu Wote, zipige kengele na kusali na kutolea Misa kwa ajili ya marehemu wote. Wamonaki tayari walikuwa wakiwaombea marehemu wao na wafadhili wao. Jambo jipya lilikuwa neno “wote”. Hata yule asiye na jamaa wa kumlipia Misa, asiyekumbukwa na mtu, apate siku. Kutoka Kluni desturi ikaenea polepole mpaka ikawa ya Kanisa zima la Magharibi.

Mwaka 1915, vita vikuu vya kwanza vikiwa vinateketeza vijana kwa maelfu, Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliruhusu kila padre aadhimishe Misa tatu siku hiyo. Hivyo mkimwona Baba Paroko anaadhimisha mara tatu, haongezi Misa kwa sababu ya wingi wa bahasha. Moja ni kwa nia ya mtu au watu fulani, na hiyo peke yake ndiyo anayoweza kuipokelea sadaka. Ya pili ni kwa marehemu wote. Ya tatu ni kwa nia za Baba Mtakatifu. Nawaomba mlishike hili, maana nimesikia watu wakinong'ona kwamba jina lenye bahasha nene husomwa kwanza. Majina yote ya daftari letu yanaingia katika Misa ya marehemu wote, hata ya familia isiyo na shilingi.

Kuhusu Maandiko, mtu atauliza, kuwaombea wafu kumeandikwa wapi? Fungueni Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Ni moja ya masomo ya siku hiyo, na nashauri tuanze kusoma mstari wa 39 ili tuone kilichotangulia. Yuda Makabayo na watu wake wanakwenda kuwazika wenzao waliouawa vitani. Wanapoinua miili wanakuta chini ya nguo za kila mmoja hirizi za miungu ya Yamnia. Ndiyo, hirizi, jambo linalokatazwa na Torati, zimefungwa miilini mwa wanajeshi wa Mungu. Mnajua sisi tungesema nini tungemkuta marehemu wetu nayo kiunoni wakati wa kumwosha. Wangapi wangerudi nyumbani kabla ya mazishi? Yuda hakurudi. Alichangisha drakma 2,000 za fedha akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao, kwa kuwa aliamini watafufuka.

Nimelikalia somo hilo kwa miaka mingi, na ndilo ninalompa mtu anayekuja kuniambia, “Mwalimu, nitaandikaje jina la kaka yangu, alikufa kwa mganga,” au “alijiua.” Liandike. Wale wa kwanza kuombewa katika Maandiko walikutwa na hirizi. Anayejua hali ya roho ni Mungu peke yake, na kazi tuliyopewa sisi ni kuomba.

Sasa tufike kwenye rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote inayobaki baada ya dhambi kusamehewa, kwa sababu hapo ndipo maswali mengi yanapokuja, na nitatumia mfano. Tuseme mama mmoja anafanya kazi hapa Dar es Salaam, baba yake amezikwa Mbinga. Nauli ya kwenda Mbinga hana na likizo hana. Je, amekosa? Hajakosa. Kanisa linasema mwamini anayetembelea makaburi kati ya tarehe 1 na 8 Novemba na kuwaombea marehemu, hata kwa sala ya moyoni tu, anaweza kupata rehema kamili kwa ajili ya marehemu. Halikusema lazima yawe makaburi ya ndugu zake. Aende Kinondoni, asimame mbele ya kaburi la mtu asiyemjua, asali, na rehema aitoe kwa ajili ya baba yake aliye Mbinga.

Yapo masharti. Aungame, na kitubio kimoja kinatosha kwa siku kadhaa, yapata siku ishirini kabla au baada. Akiungama Jumamosi ya tarehe 24 Oktoba yuko salama. Apokee Komunyo, na hii inatakiwa kwa kila rehema anayotaka kuipata. Asali kwa nia za Baba Mtakatifu, kwa kawaida Baba Yetu na Salamu Maria. Na moyo wake usiwe unaing'ang'ania dhambi yoyote, hata ndogo. Hili la mwisho ndilo gumu, nami sitalipamba. Likikosekana moja ya hayo, rehema inakuwa ya sehemu, haipotei yote.

Kwa siku moja mtu hupata rehema kamili moja tu. Mama huyu akienda makaburini mara tatu Jumatatu, bado ni moja. Akiweza kuhudhuria Misa siku tatu tu kati ya zile nane, basi kamili ni tatu. Na haiwezekani kuitoa kwa ajili ya mtu aliye hai, kwa mfano mume aliyelazwa. Kwa asiyeweza kufika makaburini, tarehe 2 yenyewe kuna njia ya pili: atembelee kanisa na kusali humo Baba Yetu na Nasadiki. Miaka ya nyuma, wakati wa korona mwaka 2020, muda ule wa siku nane uliongezwa ukawa Novemba nzima ili watu wasisongamane, na ndiyo maana wengine bado wanadhani kila mwaka ni mwezi mzima.

Nikitaja rehema sina budi kutaja tarehe 31 Oktoba nyingine, kwa sababu katika ukumbi huu wapo wenye wake na waume wa Kilutheri. Tarehe hiyo mwaka 1517 Martin Luther alimpelekea Askofu Mkuu Albrekti wa Mainz hoja zake 95 dhidi ya uuzaji wa rehema. Tarehe haikuwa ya bahati nasibu. Kanisa la ngome ya Wittenberg liliitwa la Watakatifu Wote, na kesho yake watu wangefurika kuona masalia na kutafuta rehema. Kuuza kulikuwapo, na kulikuwa dhambi. Papa Pius wa Tano alifuta mwaka 1567 rehema zote zilizodai malipo. Kwa hiyo mkwe wako wa Kilutheri akikukumbusha siku ya Matengenezo, mwambie ukweli huo kabla hajakuambia yeye. Na mtu yeyote akikudai hela ya rehema Novemba hii, nenda ofisini kwa Baba Paroko.

Matengenezo hayo ndiyo yaliyoifikisha Halowini ilipo. Uingereza ya zamani, siku za Watakatifu na Marehemu, maskini na watoto walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakipewa mikate midogo. Mikate hiyo iliitwa kwa jina la roho. Aliyepokea mkate alikuwa na deni: kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Mwenye nyumba alitoa unga na sukari, maskini akatoa sala. Karne ya 16 Uingereza ikapiga marufuku kuwaombea marehemu. Sala ikaondolewa, mzunguko wa nyumba kwa nyumba ukabaki katika sehemu kadhaa. Njaa ya viazi ya miaka ya 1840 iliwapeleka Waireland wengi Amerika, nao wakaenda na desturi zao. Kwao walichonga taa ndani ya mizizi minene ya tanipu. Amerika wakakuta maboga, makubwa na laini kuchonga. Kufikia miaka ya 1930 watoto wa Kanada na Marekani walikuwa wanabisha hodi na kusema, tupe kitu kitamu au tukufanyie utundu.

Mnaona kilichobadilika. Mtoto bado anabisha hodi usiku ule ule. Bado anapewa kitu kitamu. Lakini hakuna jina la marehemu anayeombewa. Badala ya kuahidi sala, anatishia utundu. Wafu wamebaki, kwa maana ya mifupa na vinyago, ila si wafu wa mtu. Hakuna bibi wa mtu pale.

Mimi sisemi mtoto aliyevaa kofia ile ameabudu shetani. Hajaabudu, ni mtoto. Wala sitaki mrudi nyumbani mkachome nguo. Lakini kuna jambo moja ambalo wenzetu wa Amerika wanaweza kulichukulia kama mchezo, na sisi hatuwezi. Kile kinyago cha mchawi, bibi kizee mwenye pua ndefu na macho mekundu. Katika nchi hii, huko Shinyanga na Mwanza na kwingineko, vikongwe wameuawa kwa panga usiku kwa sababu macho yao ni mekundu. Yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, miaka hamsini ya kupulizia kuni. Ukimvalisha mtoto wa Kitanzania sura hiyo ili wenzake wakimbie wakipiga kelele, unamfundisha kumwogopa yule yule ambaye kuna watu wazima wanamwinda. Hilo niliwaambia walimu wa mjukuu wangu kwa upole, na walinisikiliza. Wengi wao hawakuwa wameliwaza.

Kwa watoto wa mafundisho, mwaka huu tunataka kufanya tofauti. Atakayependa kuvaa avae kama mtakatifu, lakini lazima ajue habari zake. Kizito alikuwa na yapata miaka 14 alipochomwa Namugongo mwaka 1886. Bakhita aliibwa akiwa mtoto huko Darfur, akauzwa mara kadhaa, akafa mtawa nchini Italia. Hizo si habari za kubembeleza watoto, ni kali kuliko mzimu wowote, na tofauti yake ni kwamba ni za watu walioishi.

Na vipi kuhusu swali la mjukuu wangu? Dominika ile ya tarehe 2 tulikwenda. Tuling'oa nyasi, tukamwaga maji, tukawasha mshumaa ukazimwa na upepo mara tatu. Nilimwambia: bibi hatoki usiku kutisha watu. Yuko mikononi mwa Mungu, na tumekuja kwa sababu huenda anahitaji kitu ambacho wewe unaweza kumpa. Akauliza, kitu gani? Nikamfundisha palepale: Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani. Aliisema kaburini kwa bibi. Halafu akaenda kaburi la jirani, lenye msalaba wa mbao usio na maandishi, akaisema tena.

Mwaka huu kalenda imetukalia vizuri. Mkesha ni Jumamosi, Watakatifu Wote ni Dominika, Marehemu ni Jumatatu. Jumamosi hiyo, tarehe 31, tunakutana hapa saa 1 asubuhi kwenda kusafisha makaburi. Kila jumuiya ije na majembe mawili, fyekeo, reki na ndoo za maji. Atakayeona kaburi limebomoka asilijenge kabla ya kutafuta wenyewe. Chupa za bia na sadaka za matambiko mkizikuta, ziondoeni kimya kimya bila kuuliza ni za nani. Mishumaa tutawasha Jumatatu baada ya Misa ya saa 11 jioni, kwa hiyo msiilete Jumamosi.

Daftari la majina ya marehemu liko kwa katekista mpaka Dominika ya tarehe 25 Oktoba. Andikeni jina la ubatizo na la ukoo, na asiyebatizwa muandikeni kwa jina alilokuwa akiitwa. Andikeni kwa herufi kubwa na zinazosomeka, kwa sababu wasomaji mwaka huu ni watoto.